Shindano la mauzo limelipa au limekula? Hesabu wiki kumi, sio nne

Kuna kitu kinanikera kwenye namna tunavyoendesha mashindano ya mauzo, nacho ni kwamba hukumu inatolewa siku ya kufunga. Wiki nne zimeisha, grafu imepanda, meneja anapiga picha na washindi watatu, picha inarushwa kwenye grupu la kazini, watu wanaweka vidole na makofi, basi, shindano limefanikiwa. Hakuna anayerudi wiki ya saba kuuliza zile dili zimefikia wapi. Na mimi nasema bila kuuma maneno kwamba shindano ambalo hujalihesabu mpaka miezi miwili baada ya kufunga bado hujui kama limekuingizia au limekutoa.

Ngoja nitumie namba za mfano ili tuone kwa macho. Tuseme una timu ya watu 12 wanauza huduma ya kulipia kila mwezi, mteja anasaini, analipa mwezi wa kwanza, alafu anaendelea. Kwa kawaida timu inaleta mikataba 60 kwa wiki, yaani mitano kwa kila mtu, na katika kila mikataba 100 kuna kama mitano inayokufa kabla ya malipo ya mwezi wa pili. Unatangaza shindano la wiki nne, na unalitangaza wiki mbili kabla ili watu wajiandae. Watatu wa juu wanapata zawadi nono, na yeyote atakayefikisha mikataba 30 anapata bonasi.

Wiki nne za shindano zinaleta mikataba 320 badala ya 240 ya kawaida. Mikataba 80 ya ziada, ni theluthi nzima juu, kila mtu anashangilia. Sasa angalia kushoto na kulia kwa zile wiki nne. Wiki mbili za kusubiri shindano lianze zilileta 98 badala ya 120, manake watu walishasikia zawadi inakuja, kwa hiyo mteja aliyekuwa tayari Alhamisi aliambiwa "subiri kidogo nikutafutie ofa nzuri Jumatatu". Na wiki nne baada ya kufunga zilileta 204 badala ya 240, kwa sababu wateja wa mwezi ule walishavutwa kuja mwezi uliopita. Jumla ya wiki kumi ni 622, bila shindano ungepata 600. Zile 80 zimeshabaki 22.

Bado hatujamaliza. Mikataba ya kawaida inakufa mitano kwa mia, lakini ile ya shindano, tuseme ilikufa 15 kwa mia, na hilo sio jambo la ajabu ukiwa umewasukuma watu. Katika 320 wanaondoka 48. Katika ile 302 iliyobaki wanaondoka 15. Kwa hiyo uliobaki nao mkononi ni 559. Bila shindano lolote, ile 600 yako ya kawaida ingepoteza 30 tu, ungebaki na 570. Umelipa zawadi, umelipa bonasi, umelipa komisheni kwa wateja waliokimbia, na umetoka na wateja 11 pungufu ya pale ambapo usingefanya kitu.

Na hapo hakuna mwizi hata mmoja! Hilo ndo nataka lieleweke vizuri. Inawezekana kabisa katika watu 12 hakuna aliyeghushi saini ya mtu. Wamefanya kile sheria za shindano zilichowalipa kufanya: kushikilia dili, kuvuta dili, na kusainisha mtu ambaye hajaelewa vizuri anachonunua. Ukitaka kulaumu, laumu karatasi ya sheria za shindano.

Ule mstari wa mwisho

Kitu cha kwanza ninachokitoa kwenye shindano lolote ni ule mstari mmoja unaogawanya watu kati ya kupata yote na kukosa yote. "Ukifikisha 30 unapata bonasi." Kwenye karatasi inaonekana ni kitu safi, kila mtu anaelewa, meneja wa fedha anapenda kwa sababu anajua bajeti yake. Sasa kaa karibu na muuzaji mwenye mikataba 29 siku ya mwisho saa tisa alasiri. Huyo mtu mkataba mmoja kwake hauna tena thamani ya mkataba mmoja, una thamani ya bonasi nzima. Atafanya nini? Anafungua simu anaanza kupitia majina ya waliokataa wiki iliyopita, anampigia mmoja anampa punguzo la juu kabisa analoruhusiwa, akikataa anapigia ndugu, "nisaidie saini tu, utaghairi wiki ijayo, mwezi wa kwanza nitalipa mimi", ndugu akikosekana anamwomba mwenzake aliyeshapita 30 na hana haja tena amwachie dili moja iandikwe kwa jina lake. Yote hayo yanatokea kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na kwenye mfumo utaona mkataba mmoja tu, umekamilika, kila sehemu imejazwa.

Na mwingine mwenye mikataba tisa mwishoni mwa wiki ya pili ameshapiga hesabu kimoyomoyo akaona 30 haifiki. Huyo ametoka kwenye shindano, na ukimuuliza atakwambia "tunapambana bosi", ila kwa kweli dili zake anaziweka kando kwa mwezi ujao kwa sababu huu umeshaharibika. Zawadi za watatu wa juu ni hivyo hivyo ila mbaya zaidi, maana ikifika katikati ya wiki ya pili kila mtu anajua wanaogombea ni wanne au watano, na ni wale wale wa siku zote. Saba waliobaki ni watazamaji. Unalipa pesa ya kuwasukuma watu ambao wangekimbia hata bila kusukumwa, na kundi la katikati ambalo ndo lina nafasi ya kupanda umeliacha limekaa.

Hili la mstari limechunguzwa. Mtafiti Ian Larkin alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wake kuhusu wauzaji wa programu za kompyuta kwa makampuni makubwa, ambao komisheni yao ilikuwa inapanda kwa kasi kadiri wanavyouza zaidi ndani ya robo moja ya mwaka. Alikuta wanapanga tarehe za kufunga dili ziangukie kwenye robo itakayowalipa zaidi, na ili mteja akubali kusaini tarehe hiyo wanamshushia bei. Hasara ya hizo bei aliikadiria kuwa kati ya asilimia 6 na 8 ya mapato ya kampuni. Hao walikuwa wataalamu wanaouza vitu vya bei kubwa kwa wateja wanaojua wanachonunua, sio vijana waliopewa fomu jana wakaambiwa wakatafute saini.

Dawa yake sio ngumu. Badala ya mstari mmoja mkubwa weka malipo kwa kila mkataba, kiasi kile kile kwa kila mmoja, ili wa 29 na wa 30 na wa 31 wawe na thamani moja. Kishawishi hakiishi, ila kinashuka mpaka kuwa kidogo kiasi kwamba kumpigia ndugu hakulipi. Mtu halipii mwezi wa kwanza wa mteja hewa ili apate nyongeza ya mkataba mmoja.

Kila mtu na wastani wake

Sasa swali linakuja, ukilipa kila mkataba si unalipia hata ile 240 ambayo ingekuja yenyewe? Ndio, kwa hiyo unahitaji sehemu ya kuanzia, na sehemu hiyo iwe ya mtu mwenyewe, isiwe ya timu nzima. Nachukua wiki 12 zilizopita, natoa wastani wa kila mmoja. Kwenye ile timu yetu kuna anayeuza mikataba saba kwa wiki na kuna anayeuza mitatu. Kwa wiki nne huyu wastani wake ni 28, yule ni 12. Naanza kulipa kuanzia asilimia 80 ya wastani, sio 100, kwa hiyo wa 28 anaanza kuhesabiwa mkataba wa 23 na wa 12 anaanza mkataba wa kumi. Kuanzia hapo kila mkataba una nyongeza ya nusu ya komisheni ya kawaida, bila kikomo cha juu.

Kwa nini 80? Kwa sababu mtu akianza vibaya wiki ya kwanza bado anaona mlango uko wazi. Ukiweka 100, mtu akiugua siku nne tu ameshakata tamaa. Ni kweli unalipia mikataba michache ambayo ungeipata bure, mimi naona ni gharama nzuri kuliko kupoteza nusu ya timu, ila ukiwa na bajeti ya kubana sana weka 90, dunia haitaanguka.

Wiki 12 nazo sio namba ya mapambo. Ukichukua wiki nne tu, mtu aliyekuwa na mwezi mbaya kwa bahati mbaya anapata wastani wa chini, alafu mwezi unaofuata anarudi kawaida yake tu na unamlipa kama vile amepaa. Na yule aliyekuwa na mwezi mzuri unamwadhibu. Kipindi kirefu kinapunguza hiyo bahati nasibu. Kama biashara yako ina misimu, linganisha na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita pia, usije ukalipa shindano kumbe ni msimu ndo umefika.

Nyota wa timu watalalamika, hilo nakuahidi. "Mimi mwenye 28 kuongeza kumi ni kazi, huyu mwenye 12 akiongeza tatu mnamshangilia." Ndo maana silipi kwa asilimia ya kupanda, nalipa kwa mkataba. Akipita sehemu yake ya kuanzia kwa sita analipwa sita, mwenzake akipita ya kwake kwa tatu analipwa tatu. Nyota bado anaondoka na hela nyingi kuliko wote, kitu pekee kilichobadilika ni kwamba haondoki na zote.

Kuhusu ukubwa wa zawadi, huu ni mtazamo wangu na wengine wanaweza wasikubali: muuzaji wa kawaida akifanya vizuri kwenye shindano asipate zaidi ya kama asilimia 15 ya kipato chake cha mwezi. Ikizidi sana hapo, watu wanaanza kuipangia hiyo hela kabla haijaja, ada ya shule imeshawekwa humo, na mtu aliyeshaipangia hela matumizi atatetea mikataba yake kwa nguvu zote hata ile mibovu.

Kutangaza

Kwa habari ya kushikilia dili hakuna njia nyingine zaidi ya kutotangaza mapema. Natangaza Jumatatu asubuhi, shindano linaanza Jumatatu hiyo hiyo, na wastani wa wiki 12 umeshafungwa Ijumaa iliyopita. Na mashindano yasiwe na mwezi wake maalum kila mwaka. Ukifanya kila Novemba, Oktoba itakufa, na utajikuta unajisifia Novemba huku ukijiuliza Oktoba kuna nini.

Nani anathibitisha kwamba mteja ni mteja

Hapa ndo pana utajiri na hapa nitakaa.

Kesi ya benki ya Wells Fargo ya Marekani watu wengi wameisikia juu juu: Septemba 2016 walipigwa faini ya dola milioni 185 na mamlaka tatu kwa pamoja, wafanyakazi kama 5,300 walishafukuzwa kwa miaka kadhaa iliyotangulia, na mwaka uliofuata benki yenyewe ikasema akaunti ambazo huenda zilifunguliwa bila ruhusa ya wateja zinafika milioni tatu na nusu. Tageti zilikuwa kali na zinafuatiliwa kila siku. Kisichosemwa sana ni kwamba ndani yake kulikuwa na kampeni ya kila mwaka mwezi Januari, ambapo malengo ya siku yalipandishwa juu zaidi ya kawaida ili mwaka uanze kwa kishindo, na wafanyakazi walihimizwa kuandaa majina ya marafiki na ndugu wa kuwauzia. Yaani vitu viwili nilivyotoka kuvisema, mwezi unaojulikana na ndugu wa kusaini, viliwekwa kwenye mpango rasmi.

Ila kwa mbunifu wa mashindano kuna kitu kingine pale chenye thamani zaidi. Benki haikuwa kipofu. Walikuwa na kipimo cha ubora, walikuwa wanaangalia akaunti ngapi kati ya zilizofunguliwa zimewekwa hela baada ya kufunguliwa. Kipimo kizuri tu, akaunti yenye hela ina mtu halisi nyuma yake. Wafanyakazi walifanya nini? Wakawa wanahamisha hela kutoka kwenye akaunti ya zamani ya mteja yule yule kwenda kwenye ile mpya bila yeye kujua, ili mpya ionekane ina uhai. Mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha iliandika kwamba akaunti za amana zaidi ya milioni moja na nusu huenda zilifunguliwa bila ruhusa na kupitishiwa hela za namna hiyo. Kulikuwa pia na anwani za barua pepe za uongo, zisizo za mteja, ili aandikishwe kwenye huduma za benki mtandaoni bila yeye kujua.

Funzo ninalochukua mimi ni la kiufundi kabisa. Kipimo cha ubora ambacho muuzaji mwenyewe ana uwezo wa kukitekeleza kwa mkono wake ni tageti ya pili tu iliyowekwa nyuma ya ile ya kwanza. Kama unathibitisha mkataba kwa fomu, fomu itajazwa. Kama unathibitisha kwa malipo ya kwanza na muuzaji anaweza kulipa, atalipa. Kipimo lazima kiwe kitendo cha mteja mwenyewe, kinachotoka mfukoni mwake au mkononi mwake, tena baada ya muuzaji kuondoka. Kwa huduma ya kila mwezi ni malipo ya mwezi wa pili, kutoka kwenye namba au akaunti iliyo kwa jina la mteja. Kwa bidhaa inayouzwa kwa jumla ni duka kuagiza tena, sio kupokea mzigo wa kwanza, manake mzigo wa kwanza unaweza kuwa umebebeshwa. Kwa programu ni mteja kuingia na kuitumia wiki ya nne.

Kwa hiyo malipo ya shindano nayagawa. Asilimia 40 inatoka wiki baada ya kufunga, kwa sababu watu wanahitaji kuona kitu, ukichelewesha yote shindano linakosa ladha. Asilimia 60 inatoka baada ya malipo ya mwezi wa pili, na inahesabiwa kwa mikataba iliyobaki hai tu. Kushikilia ni rahisi kuliko kunyang'anya. Ukishalipa yote alafu uanze kukata mishahara ya watu utaingia kwenye ugomvi na sehemu nyingi sheria ya kazi haitakuruhusu kirahisi, kwa hiyo iandikwe tangu siku ya kwanza, kwa lugha ya kawaida, kwamba ile 60 haijawa haki ya mtu mpaka mteja wake alipe mara ya pili. Na mtu akiacha kazi katikati? Andika pia. Mimi naona alipwe siku ikifika, wateja ni wake aliwaleta.

Punguzo nalo liingie kwenye hesabu. Mkataba uliouzwa kwa bei kamili ni mmoja, uliouzwa kwa punguzo la juu kabisa ni nusu. Bila hivyo shindano linageuka kuwa la nani anatoa punguzo haraka, na hilo wateja wanalijua kuliko wewe.

Alafu kuna kupiga simu. Kuanzia wiki ya kwanza, sio mwisho, mtu ambaye hayuko mauzo anapigia wateja watano wa kila muuzaji waliochaguliwa bila mpangilio, na timu nzima inajua kwamba simu zinapigwa. Maswali ni matatu tu: umenunua nini, utalipa kiasi gani mwezi ujao, na umeambiwa unaweza kuacha lini. Huulizi "umeridhika?", kila mtu atasema ndio. Mteja asiyejua atalipa kiasi gani mwezi ujao amesainishwa, hajauziwa. Kwenye mfumo nako angalia mikataba mingi inayoingia saa mbili za mwisho za siku ya mwisho, namba moja ya simu kwa wateja watatu, malipo ya kwanza ya wateja tofauti yanayotoka chanzo kimoja, na watu wasiotumia huduma hata siku moja. Ukiona moja peke yake inaweza kuwa na maelezo, kuna nyumba ambazo kweli watu wanatumia simu moja. Ukiona tatu kwa mtu mmoja, kaa naye mzungumze.

Na huyu anayepiga simu asilipwe kutoka kwenye chungu kile kile. Hapa wengi wanateleza bila kujua, wanampa meneja wa timu bonasi ya shindano alafu wanampa yeye yeye kazi ya kukagua. Meneja ambaye hela yake inategemea ile 320 hatatafuta kwa bidii ile 48. Mpe meneja wa timu bonasi kwa kilichobaki hai baada ya miezi miwili tu, bila ile 40 ya mwanzo, utashangaa jinsi atakavyoanza kusikiliza simu za watu wake mwenyewe.

Pale ambapo sifanyi kabisa

Kuna biashara ambazo siwezi kukushauri uweke shindano hata likiwa limetengenezwa vizuri vipi, nazo ni zile ambazo muuzaji ndiye anayemwambia mteja ana tatizo gani. Mwaka 1992 mamlaka ya watumiaji ya jimbo la California iliituhumu kampuni ya maduka ya Sears, kwenye karakana zake za magari, kwamba inawauzia watu matengenezo wasiyohitaji. Wakaguzi walikwenda kama wateja wa kawaida na magari yao. Washauri wa huduma walikuwa wamewekewa komisheni na idadi za vipuri fulani vya kuuza, na baada ya sakata kampuni ikaondoa komisheni kwa washauri hao. Mteja wa karakana hawezi kujua kama springi zake ni mbovu kweli, na malipo ya mara ya pili hayakusaidii kumjua aliyedanganywa kwa sababu gari linatembea vizuri, lingetembea vizuri hata bila hizo springi mpya. Kipimo chote nilichoeleza hapo juu kinakufa. Dawa, matibabu, ushauri wa bima na mikopo, mimi naziweka humo humo.

Dili za miezi sita sita nazo hazifai, shindano la wiki nne haliongezi mteja, linasogeza tarehe tu. Hilo halina maelezo marefu.

Kujua kama limelipa

Turudi kwenye ile hesabu ya wiki kumi. Hata ukitengeneza vizuri, dili za wiki zinazofuata zitashuka kidogo, kwa sababu kuna mteja halali ambaye angenunua mwezi ujao na amenunua sasa. Hilo siliadhibu kwa muuzaji, hakufanya kosa, ila kwenye hesabu yangu nalitoa. Tuseme timu ile ile, safari hii bila kutangaza mapema, imeleta 280 ndani ya shindano na 225 kwenye wiki nne za baada, na zile mbili za kabla zilikuwa 120 kama kawaida. Jumla 625. Ile 280 imekufa saba kwa mia, yaani 20, na iliyobaki 345 imekufa 17. Unabaki na 588, dhidi ya 570 ya bila shindano. Wateja 18 wa kweli. Siku ya kufunga ubao ulionyesha 40 tu za ziada, nusu ya ile 80 ya shindano la kwanza, na kuna bosi atakayekuita akuulize mbona safari hii mmelegea. Mpelekee karatasi yenye wiki kumi zote.

Sasa gawanya gharama yote kwa 18, sio kwa 40 wala kwa 280. Ukikuta kila mteja amekugharimu zaidi ya anachokuletea kwa muda atakaokaa, usirudie, hata kama watu walifurahi.

Na ukiwa na timu kadhaa, usizipe zote shindano kwa pamoja, manake utakosa cha kulinganisha nacho na utabaki unabishana kama ni shindano au ni tangazo la redio. Timu tatu zinaanza, tatu zinasubiri, kura ipigwe mbele ya mameneja wote ili isionekane upendeleo. Ila wanaosubiri ukiwaambia zamu yao ni lini, wataanza kushikilia dili kesho yake, na hapo umeharibu kila kitu, kipimo chako na shindano lao. Mimi nawaambia zamu ipo, nawaambia wastani wao wa wiki 12 umeshafungwa Ijumaa ile ile kama wenzao kwa hiyo kulegea sasa hakuwashushii kitu, na tarehe anaijua mtu mmoja tu.